Nyota Zetu Hazikupatana

Wapenzi wasomaji, wiki hii safu yetu tumeiachia barua iliyotufikia kwa mkono wa dada aliyeandikiwa. Mwandishi wake ni binti wa Mombasa anayefanya kazi ya maabara mjini Kisii. Ametupa ruhusa ya kuichapa kwa sharti la kuficha majina, naye mwenyewe ameandika kwa majina ya kupanga.

Dada yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia shikamoo, na wanao nawabusu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku milimani bado haijanizoea, na mvua hunyesha alasiri kana kwamba imeajiriwa.

Ama baada ya salamu, nimepata ujumbe wako kwamba Mama anataka jawabu kabla ya mwezi kuandama, na kwamba Shangazi amekwisha kumwambia kila mtu kuwa posa ile ni ya kurudishwa kwa sababu nyota zetu hazikupatana. Umeniuliza kama ni kweli nasita. Ni kweli, nasita. Lakini sababu ya kusita kwangu siyo ile anayoisema Shangazi, nami sitaki ukajibu kwa niaba yangu kabla hujaijua. Kwa hivyo keti, usome mpaka mwisho, hata kama chungu kiko motoni.

Kwanza nikueleze alichokifanya yule mwalimu, maana Shangazi amerudi na hukumu bila hesabu. Mimi nilimwomba anisomee kwa simu kila alichoandikiwa kwenye karatasi, nikakaa nayo usiku mzima. Barua hii huenda ikapita mikononi mwa wengi, kwa hivyo sitataja majina yetu. Tuseme mimi ni Zainabu na mama yetu ni Mariamu. Naye tumwite Yusufu, na mama yake Kerubo. Majina ni ya kupanga, lakini mwenendo wa hesabu ni ule ule.

Unajua kwamba kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake kwa hesabu ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, hivyo hivyo mpaka ye ambayo ni 10, kisha kafu ni 20, lamu 30, mimu 40, mpaka re 200, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni 1000. Mwenye kutazamia huchukua jina la mtu na jina la mama yake, akajumlisha herufi, kisha akatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ibaki namba ndogo. Hiyo namba iliyobaki ndiyo nyota. Ikibaki 1 ni Hamali, 2 ni Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, 6 Sumbula, 7 Mizani, 8 Akarabu, 9 Kausi, 10 Jadi, 11 Dalu. Na isipobaki kitu huhesabiwa 12, nayo ni Hutu. Njia hii ndiyo iliyomo katika kile kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashari al-Falaki, ambacho waganga wengi wa pwani hawakosi nakala yake.

Zainabu huandikwa ze, ye, nuni, be: 7 na 10 na 50 na 2, jumla 69. Mariamu ni mimu, re, ye, mimu: 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Ukiyakusanya hupata 359. Kumi na mbili zinaingia humo mara 29, zikabaki 11. Basi mimi ni Dalu, na tabia ya Dalu ni upepo. Hapa sina ugomvi naye; majina haya mawili ni ya Kiarabu na kila mtu huyaandika namna moja.

Sasa njoo kwa Yusufu. Ye 10, wau 6, sini 60, fe 80: jumla 156. Namba hii ina jambo la ajabu, kwamba inagawanyika kwa 12 mara 13 kamili, haibaki kitu. Maana yake ni kwamba jina la kijana mwenyewe halikuongeza wala kupunguza chochote. Nyota yake yote imetoka kwa mama.

Na mama ni Mkisii. Amezaliwa Nyamira, kule kwenye majani chai karibu na Kebirigo, akapewa jina la marehemu bibi yake kama ilivyo desturi yao. Kerubo si jina la Kiarabu, wala halina maandishi yake yaliyozoeleka. Mwalimu ameliandika kafu, re, be, basi, bila ya irabu: 20 na 200 na 2, jumla 222. Ongeza 156, utoe kumi na mbili zake, hubaki 6. Ni Sumbula, ambayo tabia yake ni udongo. Hapo ndipo lilipotoka lile neno lililomliza Mama, kwamba upepo hupeperusha udongo na nyumba yetu haitasimama. Tena amemwambia Shangazi kuwa hata jina lenyewe ni baya, maana kafu, re, be kwa Kiarabu husomeka "karbu", yaani dhiki. Dada, mwanamke yule hakuitwa dhiki! Ni jina la bibi wa watu, lililovuliwa irabu zake na mtu asiyejua lugha yao.

Nikachukua kalamu nami. Wazee wetu walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, silabi inayokazwa, ile ya pili kutoka mwisho, walikuwa wakiivuta kwa herufi ya madi. Marehemu Babu ndivyo alivyokuwa akituandikia barua. Kwa mtindo wake, Kerubo itakuwa kafu, re, wau, be: 228. Pamoja na 156 ni 384, na hiyo inagawanyika kwa 12 bila baki. Yusufu amekuwa Hutu, tabia ya maji. Nikaandika tena kwa mtindo wa vijana wa madrasa wa siku hizi, ambao kila irabu huipa herufi yake: kafu, ye, re, wau, be, wau. Hupatikana 244, na mwisho hubaki 4. Sasa ni Saratani, maji vile vile lakini nyota nyingine.

Bado kuna moja. Mama yake alisilimu kabla hajamzaa, na jina lake tangu siku hiyo ni Halima. Ndilo aitwalo na wanawake wenziwe msikitini. Halima ni 8 na 30 na 10 na 40 na 5, jumla 93. Weka juu yake 156, toa kumi na mbili zake, hubaki 9. Kausi! Kausi ni moto, na vitabu hivyo hivyo vya mwalimu vinasema upepo na moto hupatana, maana upepo huuchochea moto. Kijana mmoja, mama mmoja, nyota nne. Tatu kati ya hizo zinanikataa na moja inanikumbatia, na hakuna kilichobadilika ila kalamu ya mwandishi.

Wala hakuna katika hesabu yote hii aliyeinua uso kutazama mbinguni. Hakuulizwa amezaliwa lini wala saa ngapi. Zile nyota za magazetini, ambazo marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam alizizoesha masikio ya watu mpaka alipofariki mwaka 2011, angalau hutafuta tarehe ya kuzaliwa. Ukinipima kwa hizo, mimi niliyezaliwa Agosti ni Simba, siyo Dalu. Elimu mbili zinazojiita za nyota, na hazikubaliani hata mimi ni nani.

Kuhusu dini sitakufundisha, wewe ndiye uliyenisomesha juzuu. Lakini mkumbushe Mama kwa upole lile alilolipokea Imamu Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake ya siku arubaini haikubaliwi. Na umkumbushe Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Waarabu wa zamani walikuwa wakiuogopa Mfungo Mosi kwa ndoa, naye akawa akisema kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuoa katika mwezi huo huo na akaingia kwake katika mwezi huo huo; je, kuna mke aliyekuwa na bahati kwake kuliko yeye? Mama anaipenda sana habari hii, lakini huisimulia kwa ndoa za wengine.

Istikhara nimesali. Sikuota kitu, wala sikungoja kuota, maana dua yenyewe haikuahidi ndoto.

Sasa nikupeleke kwenye jambo lenyewe.

Wakisii wana desturi ambayo nimekuja kuiheshimu. Kabla ya ndoa huwapo mtu wa kati aitwaye esigani, ambaye kazi yake ni kupeleleza nyumba ya upande wa pili. Siku hizi wengi wameiacha, vijana hukutana mjini wakamaliza wenyewe, lakini mama yake Yusufu hakuiacha hata baada ya kusilimu. Hakuona kitu ndani yake kinachopingana na dini. Alimtuma mama mmoja mzee, jamaa yao wa Keroka, akanijia hapa Kisii siku ya Jumapili na kikapu cha ndizi. Wana wapiga ramli wao pia, abaragori, na wengi wao ni wanawake. Lakini hao huendewa zaidi baada ya maradhi au msiba kuingia, kuuliza umetoka wapi. Kwa posa hutumwa esigani, mtu wa miguu na masikio.

Maswali yake hayakufanana na ya mwalimu. Ukoo gani, maana wao hawaoani ndani ya ukoo mmoja na alitaka kuhakikisha hata mimi wa pwani sina damu ya kwao. Nani alimlea bibi yetu. Baba na ami zetu wanasemezana au wamegombania shamba. Kisha akaniuliza hivi, kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Mwanangu, kwenu watu hufa kwa nini?"

Nikamwambia ni kwa uzee na sukari, kama kwingine. Akatikisa kichwa. "Na watoto? Hakuna watoto waliokuwa wakivimba mikono na miguu, wakilia usiku wakati wa baridi, macho yakawa manjano?"

Dada, nilinyamaza. Wewe unajua nilimkumbuka nani. Wale watoto wa Mjomba, yule mdogo ambaye tulikuwa tukimkanda vidole kwa mafuta ya nazi, na dada yake aliyefuata. Watu walisema ni baridi yabisi, wengine wakasema ni husuda. Ilikuwa selimundu. Tena nikukumbushe, maana nadhani umesahau: nyota za Mjomba na mkewe zilitazamwa na huyu huyu mwalimu, zikapatana kwa namna ambayo Shangazi anaisimulia mpaka leo. Moto na moto. Katika watoto watatu wamezika wawili.

Maradhi haya hayajali majina. Mtoto hupokea sehemu moja ya damu kwa baba na moja kwa mama. Mwenye kupokea chembe ya selimundu upande mmoja tu huishi kama watu wengine, na mara nyingi hajui kabisa kuwa anayo. Sisi maabara humwandika AS. Mwenye kuipokea pande zote mbili ni SS, naye ndiye mgonjwa. Wakioana AS wawili, katika kila mimba, siyo katika watoto wanne bali katika kila mimba peke yake, kuna sehemu moja katika nne ya mtoto kuwa SS, sehemu mbili za kuwa AS kama wazazi wake, na moja ya kuwa salama kabisa. Akioa AS na asiye nayo, hakuna mtoto atakayeugua. Na chembe hii imekaa zaidi palipokuwa na malaria tangu zamani, kwa sababu mwenye AS hukingika kwa kiasi na malaria kali. Pwani yetu ni mahali hapo, na nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria nazo ni mahali hapo. Vilima vya Nyamira ni baridi, lakini watu hushuka na kupanda, na ndoa za huku zimechanganyika na za chini ziwani.

Mimi ni AS. Nalijua hili tangu nikiwa mwanafunzi, tulipopimana wenyewe kwa wenyewe katika kujifunza. Mama nilimwambia, akasema alhamdulillahi si ugonjwa, na kweli si ugonjwa. Lakini huku ndiko kusita kwangu.

Nilipomweleza yule mama mzee hakushtuka. Aliniuliza swali moja tu: "Na kijana wetu amepimwa?" Hakuwa amepimwa. Wiki iliyofuata Yusufu mwenyewe alikuja hospitalini pamoja na mama yake, akiwa na karatasi kutoka zahanati moja ya huko kwao. Kipimo kile kilikuwa cha haraka, cha kuchanganya damu na dawa na kungoja. Nilikitazama nikamwambia hakitoshi. Kipimo cha namna hiyo huonyesha tu kama chembe ipo au haipo. Kikisema ipo, hakijui kutofautisha AS na SS, na kikifanywa na dawa iliyokwisha muda wake husema haipo nayo ipo. Kinachotakiwa ni kile cha kuitenganisha damu kwa umeme, ambapo kila aina hukimbia kwa mwendo wake na huonekana mahali pake. Nilimuuliza pia kama ameongezewa damu miezi ya karibuni, maana damu ya mtu mwingine hupotosha jawabu. Akasema hapana. Sikumtoa damu mimi, nilimwomba mwenzangu. Isingekuwa sawa, na mkono wangu ungetetemeka.

Mama yake alikaa nami kwenye benchi la nje tukingoja. Nilitaka kumficha lile la nyota, lakini alikuwa amekwisha kulisikia, maana maneno ya Shangazi yana gari lake mwenyewe. Akaniuliza jina gani la kwake lilitumika. Nikamwambia, Kerubo. Akacheka kidogo. "Wangenitumia Halima mngekuwa mmeoana," akasema, naye hajui hata herufi moja ya abjadi. Sikumwambia kwamba amepatia.

Jawabu litatoka Jumatatu. Ikiwa hana chembe, basi mwambie Mama kwamba mimi nimeridhika na dini yake na tabia yake, na waje waseme mahari. Ikiwa anayo, sitakudanganya, sijui nitafanya nini. Wapo wanaooana hali wakijua, wakaingia kwa tawakali, wakampima kila mtoto anapozaliwa ili dawa zianze mapema. Mtoto aliyejulikana mapema huishi vizuri zaidi kuliko wale wa Mjomba walivyoishi. Wapo wanaoachana wangali wachumba, kila mmoja akamwombea mwenziwe kheri. Mimi na yeye tumekubaliana tulisome jawabu pamoja, na hakuna atakayemtumia mtu ujumbe kabla ya hapo.

Ninalokuomba ni mambo mawili. La kwanza, Mama asirudishe posa kwa kisingizio cha nyota. Ikirudishwa na irudishwe kwa sababu yake, maana yule mama wa Nyamira hastahili kuishi akidhani kuwa jina alilopewa na wazee wake limemvunjia mwanawe ndoa. La pili ni gumu zaidi. Wewe na shemeji hamjapimwa, na Maryamu wako alikuwa akilia miguu wakati wa baridi ya Julai. Sikusema kitu nilipokuwa huko, kwa sababu vidole vyake havikuwa vimevimba na macho yake ni meupe, na watoto wengi hulia miguu kwa kukimbia mchana kutwa. Lakini sisi ni wa tumbo moja. Mpeleke akapimwe kile kipimo cha pili, nawe upimwe siku hiyo hiyo. Usimpeleke kwa Shangazi.

Nisalimie shemeji, na Bibi umwambie majani chai nitamletea, yale ya mkono.

Wasalaam, nduguyo,
Zainabu
Kisii